Matiti yenye vinundu na maumivu kabla ya hedhi: nitajuaje kama ni homoni au ni uvimbe wa kupimwa?

Nyota_ya_Alfajiri (mleta uzi)

Wadau habari zenu. Nina miaka 36, watoto wawili, na wa mwisho nilimwachisha ziwa miaka mitatu iliyopita. Kwa miezi minne hivi, kama siku kumi kabla ya kuona siku zangu, matiti yanajaa, yanakuwa mazito na yanauma kiasi kwamba nikishuka ngazi nayashika kwa mikono. Kulala kifudifudi siwezi kabisa. Nikipapasa, yote mawili yana vinundu vinundu, kama umefunga changarawe kwenye kitambaa, hasa kwa juu kuelekea kwapani. Siku zikianza, baada ya siku mbili tatu yananywea na maisha yanaendelea.

Kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Juzi usiku nilipapasa la kushoto nikahisi kinundu kimoja kikubwa kuliko wenzake. Ukilichukulia titi kama uso wa saa, kiko kwenye saa mbili, pale palipoandikwa namba 2. Nikikibonyeza kinauma. Nimebakiza siku nne kuona siku. Tangu hapo usingizi umepotea, kila nusu saa mkono uko huko huko. Hizi ni homoni tu au niende kupimwa kesho? Naomba mwenye uelewa anisaidie.

Shosti_Zai

Pole mpenzi. Tulia, kansa haiumi. Kikiuma ujue ni homoni, hilo hata bibi yangu alikuwa analisema. Mimi hali hiyo ninayo tangu nina miaka 20 na bado nipo. Tafuta sidiria inayokubana vizuri, usibonyeze bonyeze, zitaanza siku na kitaondoka chenyewe.

Mama_Mapacha

Hilo ni ziwa limeziba, lilinitokea. Kanda kwa maji ya vuguvugu na mnyonyeshe mtoto upande huo huo mara nyingi, hata kama unaumia. Ukiona unapata homa na ziwa limekuwa jekundu nenda haraka maana linaweza kuwa jipu.

Nyota_ya_Alfajiri

Asante Mama Mapacha, ila sinyonyeshi tena, ni miaka mitatu sasa. Wala sina homa.

Mama_Mapacha

Loo, nilisoma haraka nikaona "ziwa" nikajibu. Samahani dada.

Muuguzi_Mstaafu

Dada Nyota, pole. Nimefanya kazi kliniki ya matiti miaka mingi na swali lako nimeulizwa mara nisizoweza kuhesabu, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza, acha kukibonyeza. Titi lililojaa ukiliminya kila nusu saa linazidi kuvimba na kuuma, na mwisho vidole vinaanza kukuonyesha uvimbe kila mahali.

Pili, angalia tarehe zako. Kama siku zitachelewa, pima ujauzito kabla ya kuwaza lolote. Matiti ya mimba changa yanauma vivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba hayanywei.

Sasa hiyo changarawe. Yai likishatoka, mwili hujiandaa kana kwamba mimba inakuja. Homoni inayoitwa projesteroni inapanda, vifuko vinavyotengeneza maziwa vinatanuka, maji yanabaki kwenye nyama ya titi, na ngozi inavutika. Mimba isipoingia homoni zinashuka, damu inatoka, na titi linanywea. Ndiyo maana maumivu yako yana tarehe. Vifuko hivyo vimejazana zaidi sehemu ya juu ya nje, karibu na kwapa, ndiyo maana wewe na wenzako wengi mnaumia hapo hapo. Maumivu yanaweza kushuka hadi upande wa ndani wa mkono, na upande mmoja unaweza kuuma kuliko mwingine. Hilo peke yake lisikutishe.

Hicho kimoja cha saa mbili ni hadithi nyingine, na hapa naomba dada Zai anisamehe. Maumivu hayatoi hukumu. Ni kweli uvimbe mwingi wa saratani ya titi hauumi mwanzoni, lakini upo unaouma, na nimewaona wanawake waliokaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya sentensi hiyo hiyo ya "kikiuma si kansa". Maumivu yanakwambia kuhusu homoni. Kuhusu kinundu yanakwambia kidogo sana.

Kinundu kinahukumiwa kwa mambo mawili: titi la pili, na kalenda.

Titi la pili ni hivi. Saa mbili ya kushoto pacha wake ni saa kumi ya kulia. Lala chali, mkono wa upande unaoupapasa uweke chini ya kichwa, tumia nyama ya vidole vitatu vya katikati, si ncha zake, uzungushe taratibu. Anza kwa mguso mwepesi, halafu wa kati, halafu bonyeza mpaka uhisi mbavu. Usiishike nyama kwa kuifinya kati ya dole gumba na kidole, maana ukifinya hivyo hata titi zima lenye afya litakuwa na uvimbe. Kama saa kumi ya kulia nako kuna kitu cha aina ile ile, mara nyingi hiyo ndiyo nyama yako ilivyo. Kama kulia hakuna, na kushoto kuna kitu chenye mwanzo na mwisho, kitu ambacho vidole vinaweza kukizunguka, hicho ni cha kupimwa.

Kalenda nayo: hesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Subiri hadi siku ya 8, titi likiwa limetulia, upapase tena. Changarawe ya homoni siku hiyo huwa imeyeyuka au imepungua sana. Kilichobaki siku ya 8 si cha kuachia homoni.

Nyota_ya_Alfajiri

Asante mno, nimesoma mara mbili. Nimejaribu sasa hivi. Kulia saa kumi kuna changarawe lakini hamna kikubwa. Cha kushoto siwezi kusema kama kina ukingo au hakina, kote kumejaa. Na chini ya titi, kote kuwili, kuna kama mfupa mlaini umejikunja. Hicho nacho ni nini tena?

Muuguzi_Mstaafu

Huo wa chini ni mkunjo wa kawaida, sehemu titi linapokutana na kifua, nyama hukazana pale kwa kubeba uzito. Karibu kila mtu anao, na kwa mwenye matiti makubwa unakuwa mgumu zaidi. Umeshawahi kuleta watu kliniki wakilia.

Kwa cha kushoto, una siku nne kabla ya damu na nane baada yake, jumla kama siku kumi na mbili. Hazitakudhuru. Lakini kama hutalala siku kumi na mbili, nenda kesho, hiyo nayo ni sababu tosha. Ila usisubiri mzunguko wa pili. Watu wanaambiwa "angalia miezi miwili mitatu", na hiyo inafaa kwa changarawe isiyo na umbo, kama inapungua kila mwezi. Kitu chenye umbo hakisubirishwi hivyo.

Yapo ya kwenda bila kuhesabu siku yoyote: ngozi inayobonyea kwa ndani ukiinua mikono, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuingia, damu inayotoka yenyewe kwenye chuchu, kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona, ngozi iliyonenepa na kuwa na vitundu vitundu, au tezi ngumu kwapani. Na mwanamke aliyekwishakoma hedhi akiona uvimbe mpya, aende tu, kwake hakuna mzunguko wa kusingizia.

Shosti_Zai

Nimekubali kusahihishwa, muuguzi. Kweli mimi nimekuwa nikiwaambia watu hivyo miaka yote. Ila daktari mmoja aliniambia mambo ya kujipapasa kila mwezi yalishaachwa, kwamba yanatia watu hofu tu. Sasa nishike lipi?

Muuguzi_Mstaafu

Hakukudanganya. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo, matokeo yake ya mwisho yalitoka 2002. Nusu walifundishwa kujipapasa kwa utaratibu, nusu hawakufundishwa. Vifo vya saratani ya titi havikutofautiana, ila waliofundishwa waligundua vivimbe vingi zaidi visivyo na madhara na wakachomwa sindano na kupasuliwa kwa ajili yake. Ndiyo maana sehemu nyingi hawasisitizi tena ile ratiba ya kila mwezi kama sala.

Lakini kuyajua matiti yako ni kitu kingine. Ujue changarawe yako ya kawaida iko wapi, ili siku kikija kigeni ukitambue. Hilo silioni kuwa limeachwa.

Baba_Tumaini

Mimi ni mwanaume, naomba nichangie kwa sababu limetupata. Mke wangu ana miaka 41. Alikwenda mara mbili sehemu moja, akaeleza kwamba ana uvimbe, na mara zote mbili aliulizwa "siku zako lini?", akajibu, akaambiwa ni homoni, akapewa dawa ya maumivu. Hakuna aliyemshika. Na wala hakuwa na maumivu, alisema hivyo. Uvimbe ulikaa hedhi tatu zote bila kubadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeona siku anavaa, ameinua mikono, ngozi ya titi la kulia imebonyea kama imevutwa na uzi kwa ndani. Tulikwenda sehemu nyingine siku hiyo hiyo. Yuko kwenye matibabu sasa, anaendelea.

Dada Nyota, atakayekwambia ni homoni bila kukushika, mwombe akushike.

Nyota_ya_Alfajiri

Baba Tumaini nimesoma nikakaa kimya. Mungu ampe nafuu mama. Nitaenda.

Muuguzi_Mstaafu

Pole sana Baba Tumaini. Mwenzangu yeyote anayesoma hapa alisikie hili: swali la tarehe ya hedhi ni zuri, lakini linaulizwa pamoja na mkono, si badala ya mkono.

Kimya_Kingi

Mimi msomaji tu, leo nimejitokeza. Nilitolewa mfuko wa uzazi miaka miwili iliyopita kwa sababu ya vivimbe vya kizazi, ovari ziliachwa. Sina hedhi, lakini matiti yanajaa na kuuma kama zamani, halafu yanaacha. Nilidhani nawazimika. Sasa hiyo siku ya 8 mimi naihesabu kutoka wapi?

Muuguzi_Mstaafu

Hujawazimika. Ovari zako zinaendelea na kalenda yake, kilichoondoka ni mahali pa damu kutokea. Chukua daftari, kila usiku andika namba moja tu, kutoka 0 hadi 10, jinsi matiti yalivyouma siku hiyo. Fanya hivyo kwa miezi miwili. Utaona namba zinapanda kama mlima halafu zinaporomoka ghafla. Siku zinapoporomoka ndipo damu ingeanza. Hesabu wiki moja kutoka hapo, hiyo ndiyo siku yako ya kupapasa.

Kama namba hazina mlima, zinabaki 4 au 5 siku zote na maumivu yako sehemu moja ile ile, basi hayo hayaendi na homoni. Mara nyingine ni kifua chenyewe, pale mbavu zinapoungana na mfupa wa katikati. Bonyeza ubavu pembeni mwa titi, kama ndiyo maumivu yenyewe, titi halihusiki. Lakini muone mtu.

Bi_Rehema53

Hamjambo wanangu. Nina miaka 53, hedhi ilikoma nikiwa na 50. Nina kitu kidogo chini ya chuchu ya kulia, hakiumi hata nikikibonyeza, nina kama miezi minne nacho. Kwa kuwa hakiumi nimekuwa nikisema ni uzee. Nyuzi kama hizi huwa napita, leo nimesoma hadi hapa kwa muuguzi.

Muuguzi_Mstaafu

Shikamoo Bi Rehema. Mama, hiki usikipe hata wiki nyingine. Sisemi ni kibaya, vingi havina neno. Nasema kwa umri wako hakuna cha kukieleza mpaka kipigwe picha. Nenda wiki hii, na ukifika waambie mambo matatu tu: hedhi imekoma, uvimbe ni mpya, una miezi minne. Chuchu iko kama ilivyokuwa?

Bi_Rehema53

Marahaba mwanangu. Sasa umeniuliza naona kama imelala kidogo upande. Nitamwambia binti yangu jioni.

Nyota_ya_Alfajiri (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Wadau narudi kama nilivyoahidi.

Nilianza daftari siku ile ile. Siku moja kabla ya damu niliandika 8. Siku ya 1 nikaandika 7, siku ya 2 nikaandika 4, siku ya 4 nikaandika 1, na kuanzia siku ya 5 ni 0. Siku ya 8 nililala chali kama nilivyoelekezwa. Kulia changarawe yote imekwenda, nyama laini tupu. Kushoto nako imekwenda, isipokuwa pale saa mbili. Pale palibaki kitu kimoja, laini kwa juu, ukubwa wa gololi, na nikikisukuma kinateleza kidogo. Hakikuwa kinauma tena. Yaani maumivu yaliondoka kikabaki chenyewe, ndipo nilipokielewa hasa alichosema muuguzi.

Nilikwenda siku ya 10. Daktari aliniangalia kwanza nimekaa, mikono kiunoni, halafu mikono juu ya kichwa, akitazama ngozi tu. Ndipo nikalala akapapasa matiti yote mawili, makwapa, na juu ya mfupa wa bega. Nilimuuliza mbona analipapasa na zima, akasema hilo zima ndilo linalomfundisha langu likoje. Akanipeleka altrasaundi. Mamogramu hakunipa, alisema kwa umri wangu titi bado lina nyama nzito, picha ile ingetoka nyeupe kote.

Kwenye kioo kilionekana kama duara jeusi, ukingo umechongeka safi, na nyuma yake pameng'aa. Milimita 17. Akasema weusi ule ni maji, ni kifuko cha maji. Angeweza kukiacha, lakini kwa kuwa kinaniuma kila mwezi aliingiza sindano nyembamba akiwa anaiona kwenye kioo, akavuta kama mililita mbili na nusu za maji ya rangi ya njano inayoelekea kijani. Nilishtuka kuiona rangi, akasema ndiyo rangi yake. Nilipopapasa pale hapakuwa na kitu. Nirudi baada ya wiki sita aangalie kama kimejaa tena.

Muuguzi_Mstaafu

Umefanya vizuri na umeeleza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Ongeza moja kwenye daftari lako: kama kitajaa tena mahali pale pale, au kama daktari angeona damu kwenye yale maji, au kinundu kingebaki baada ya kuvuta, hapo ndipo wanachukua kinyama kwenda maabara. Na kama kile kisingekuwa maji, kingekuwa nyama, wangechukua kinyama pia, hata kama kinateleza vizuri. Kuteleza kunatia moyo lakini si cheti. Vya wasichana wadogo vinavyokimbia chini ya vidole mara nyingi ni vivimbe visivyo na madhara, lakini hilo huwezi kulithibitisha kwa vidole peke yake.

Shosti_Zai

Afadhali dada! Sasa ile changarawe na maumivu, kifuko kimeondoka, vitaacha?

Nyota_ya_Alfajiri

Hapana, nipo siku ya 20 na matiti yameanza kujaa tena, leo nimeandika 3. Daktari alisema hayo ni mambo mawili tofauti yaliyokutana kwenye titi moja. Amenipa jeli ya kupaka ya diklofenaki, na akaniambia nivae sidiria isiyo na waya, inayoshika kweli, hata usiku katika zile siku mbaya.

Kimya_Kingi

Na vile vidonge vya mafuta ya primrozi vinavyosifiwa? Na kuacha kahawa? Mimi niliacha kahawa nikapata nafuu.

Muuguzi_Mstaafu

Primrozi vilipolinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, tofauti haikuonekana ya maana. Kahawa ushahidi wake ni dhaifu, lakini kama wewe umepata nafuu endelea, siwezi kubishana na daftari lako. Jeli ndiyo ningeanza nayo, kwa asiye mjamzito, au parasetamo kwa siku zile tatu nne mbaya. Zipo dawa nzito za kugusa homoni zenyewe, hizo ni za mtu ambaye maumivu yanamzuia kufanya kazi kila mwezi, na anazitoa bingwa, maana madhara yake si madogo.

Shosti_Zai

Mimi vya primrozi vinanisaidia muuguzi, hapa sitakubali.

Muuguzi_Mstaafu

Usikubali, dada Zai. Ila andika namba.

Bi_Rehema53

Wanangu, nilikwenda na binti yangu. Wamenishika, wamenipiga mamogramu na ile ya kioo, na wamechukua kinyama kwa sindano nene kidogo, waliganzisha kwanza. Majibu Alhamisi.

Baba_Tumaini

Tupo na wewe mama. Alhamisi nitaingia hapa asubuhi.